Njaa ya Mwogeleaji Huanza Asubuhi

Binti yangu ana miaka 16 na kilo 55. Anaogelea alfajiri na jioni. Akirudi usiku anakula sahani tatu, halafu saa 5 namkuta tena jikoni. Nimpunguzie chakula? (Mama, Buzuruga)

Usimpunguzie hata tonge moja, mama. Umenieleza kwamba anaingia bwawani saa 11 alfajiri bila kula, anatoka saa 1, anakunywa chai ya rangi na andazi moja njiani kwenda shule, anakula makande saa 8 mchana, na kufikia saa 10 na nusu yumo tena majini. Tuhesabu wanga peke yake, kwa kuwa ndiyo kuni za mazoezi ya namna hii. Mwogeleaji anayefanya mazoezi mara mbili kwa siku huhitaji takriban gramu 7 za wanga kwa kila kilo ya mwili wake, nazo huongezeka katika wiki nzito. Kwa kilo 55, hizo ni gramu 385 kwa siku. Andazi, sukari ya chai na sahani ya makande havizidi sana gramu 110. Maana yake ni kwamba anamaliza mazoezi ya pili akiwa amekula chini ya theluthi moja ya mahitaji yake, na mwili unakuja kudai deni lote usiku. Huo si ulafi.

Tatizo jingine ni kwamba deni hilo likilipwa usiku, mazoezi ya jioni yanakuwa yameshaharibika. Misuli huhifadhi wanga kwa kasi zaidi katika saa chache za mwanzo baada ya mazoezi, na pale ambapo mazoezi yanayofuata yako mbali kwa saa tisa na nusu tu, kama ilivyo kwake, saa hizo hazifai kupotezwa. Kipimo kinachotumika ni gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya mwili ndani ya saa ya kwanza, pamoja na protini kati ya gramu 15 na 25.

Kwa vyakula vya nyumbani kwako, ningeipanga siku yake hivi. Kabla ya kutoka alfajiri ale ndizi mbivu mbili. Mpe chupa ya chai yenye nusu lita ya uji wa ulezi uliopikwa kwa kikombe kimoja cha maziwa na kutiwa vijiko viwili vikubwa vya sukari, pamoja na mayai mawili ya kuchemsha. Anywe na kula palepale bwawani kabla nywele hazijakauka. Mapumziko ya saa 4 ale chapati na maharage badala ya kusubiri mchana. Makande yabaki na yaongezewe ndizi. Saa 9 na nusu atafune konzi ya michembe, ambayo ni nyepesi kubeba na haiharibiki kwenye begi. Usiku ale ugali wa kawaida na samaki na mboga. Jumla yake inakaribia gramu 380. Utajua mpango umekubali pale sahani tatu za usiku zitakaposhuka zenyewe bila mtu kumkataza, na kocha atakapoona kwamba mizunguko ya mwisho ya jioni haidorori sana.

Jambo moja zaidi, ingawa hukuliuliza: kuogelea katika maji ya baridi huongeza hamu ya kula baadaye, na majaribio yameonyesha hivyo. Njaa ya binti yako inaweza kuwa kali kuliko ya kaka yake anayekimbia barabarani kwenye jua, hata kama wametumia nguvu sawa. Basi usiwalinganishe mezani.

Unga gani wa protini ni mzuri kwa mwogeleaji?

Dagaa.

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na kila mara anayeuliza huwa hajanieleza anakula nini asubuhi. Gramu 40 za dagaa wakavu zina protini ya kutosha mlo mmoja wa baada ya mazoezi, na kwa kuwa dagaa huliwa na mifupa yake, unapata na kalisi. Makopo yanayouzwa kwa bei ya kutisha hayana wanga wa maana, na wanga ndio wengi wenu mnaoukosa. Mengine yamewahi kukutwa na viambato ambavyo havikuandikwa kwenye lebo, na kwa mwanamichezo anayepimwa dawa zilizokatazwa, kutojua si utetezi.

Kocha amesema nipunguze kilo 4 kabla ya mashindano ili nielee vizuri. Nimeacha ugali. Hedhi haijaja kwa miezi mitatu, lakini nasikia kwa wanamichezo ni kawaida. (Miaka 19, Nyegezi)

Hutokea kwa wengi, lakini si kawaida, na aliyekuambia hivyo amekupotosha. Mwili unaopewa chakula kidogo kuliko kazi unayofanya huanza kufunga huduma zake, na uzazi huwa miongoni mwa za kwanza kufungwa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua hali hii rasmi mwaka 2014 kama upungufu wa nishati katika michezo, na inawapata wanaume pia. Mifupa hudhoofika, mafua hayaishi, na muda wako majini husimama au hurudi nyuma ingawa unajituma zaidi. Rudisha ugali leo, nenda hospitali wiki hii ukaeleze hiyo miezi mitatu bila kuficha, na mpime ujauzito pia ili sababu hiyo iondolewe. Kocha ana haki ya kusimamia mkono wako unavyoingia majini. Sahani yako si kazi yake.

Mwogeleaji yumo majini. Kwa nini anywe maji?

Kwa sababu anatoka jasho, ila halionekani. Jipime uzito ukiwa mkavu kabla na baada ya mazoezi: ukipungua nusu kilo, kunywa taratibu kama robo tatu ya lita katika saa zinazofuata.

Naogelea masafa katika Ziwa Victoria, upande wa Capri Point, kila Jumamosi. Nakula vizuri, lakini kila wiki nachoka zaidi. Niongeze nini?

Usiongeze kitu kabla ya kupima kinyesi. Kichocho cha matumbo ni ugonjwa wa kudumu wa mwambao wetu. Vimelea hutoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi yenye majani, hupenya ngozi ndani ya dakika chache, na mtu anaweza kukaa navyo muda mrefu bila dalili zaidi ya uchovu na tumbo lisilotulia. Damu hupotea kidogo kidogo, na hakuna mlo utakaoziba tundu hilo. Omba pia kipimo cha wingi wa damu. Ukikutwa na kichocho, dawa ipo na hutolewa kwa uzito wa mwili, kwa hiyo usimeze ya jirani. Na kama damu iko chini, chai isinywewe pamoja na mlo, kwa sababu huzuia madini ya chuma ya maharage na mboga za majani yasifyonzwe. Ihamishie saa moja baadaye. Ukirudi ziwani bila kubadilisha mahali unapoingilia, utarudi pia maabara.

Sato au sangara baada ya mazoezi?

Yule uliyemkuta mbichi Mwaloni Kirumba siku hiyo, kwani protini zao hazipishani kiasi cha kukusumbua. Mchemshe au mbanike. Wa kukaangwa katika mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu, kwa hiyo usimle mchana wa siku yenye mazoezi ya jioni.