Hizo kurasa mbili usizitume

"Wakuu, ni msimamizi wa kitengo kwenye kampuni moja hapa Dar. Mtu wangu kaniletea malalamiko rasmi kwa barua, anasema nagawa kazi kwa upendeleo na yeye ndiye anayebebeshwa. Nimeshaandaa majibu ya kurasa mbili, na jedwali la kuonyesha kila mtu ana kazi sawa. Nayatuma kesho asubuhi kama barua ya kupokea malalamiko. Kuna cha kuongeza? Nakala nimpe mtu wa chama cha wafanyakazi? Na iwe Kiswahili au Kiingereza?"

Mkuu, hakuna cha kuongeza, kuna cha kupunguza: kurasa moja na robo tatu. Hilo jedwali ndilo lililonila mimi.

Mwaka 2021 nilikuwa nasimamia maofisa watano kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi Kurasini, ghorofa ya pili, feni moja na honi za malori kutwa. Kazi yetu ilihesabiwa kwa faili. Mzigo mmoja wa mteja mmoja, faili moja. Jumatatu tarehe 8 Machi, saa kumi jioni, dada mmoja katika wale watano akaniletea barua ya kurasa tatu, nikasaini dispachi. Kichwa cha barua kilisema malalamiko kuhusu mgawanyo usio wa haki wa kazi. Ukurasa wa kwanza niliusoma nimesimama. Wa pili niliupitisha macho. Wa tatu sikuufikia kabisa, maana nilishaketi kufungua ekseli.

Februari tulikuwa na faili 70. Watu watano. Kila mtu 14, bila hata moja kuzidi. Aisee, nilicheka peke yangu. Nikajiona wakili.

Ningeishia kucheka ingekuwa salama. Nikapanda juu kwa mkubwa mmoja wa utawala, mtu wa miaka mingi kazini, tai haivui hata Februari, nikamwomba ushauri. Akaniambia, nanukuu kwa sababu bado inaniuma: "Mzime kwenye barua ya kwanza. Ukimpa mlango ataingia na ukoo mzima." Akanipa na sampuli ya barua kutoka kwenye kompyuta yake, ina maneno mazito mazito. Huyu bwana siku mambo yalipoharibika alikuwa likizo Moshi na simu haikuwa na mtandao. Mtandao ulirudi kesi ilipoisha. Mungu anamwona.

Basi tarehe 10 nikaandika hivi: "Nimepokea barua yako na kuipitia kwa kina. Baada ya uchunguzi imebainika kuwa kazi zimegawanywa kwa usawa, faili 14 kwa kila ofisa. Malalamiko yako hayana msingi. Hata hivyo, milango iko wazi kwa majadiliano." Saini yangu, na muhuri nikapiga mara mbili kwa sababu wa kwanza ulififia. Yaani ushahidi dhidi yangu niliugongelea mwenyewe usije ukakosa kusomeka.

Sasa ukurasa wa tatu. Dada wa watu hakuwahi kusema ana faili nyingi kuliko wenzake. Alisema ana faili nzito. Katika zile 14 zake, 11 zilikuwa kontena za mchanganyiko: vyakula, vipodozi, dawa na vifaa tiba. Mwenzake wa meza ya dirishani alikuwa na 14 pia, ila 12 zilikuwa magari. Aliyewahi kufanya kazi hii anaelewa. Gari moja lina nyaraka zilezile kila siku, ukishafanya ishirini unazijua kwa kichwa. Kontena la mchanganyiko unaandika bidhaa moja moja na msimbo wake wa ushuru, vyakula na vipodozi unafuatilia TBS, dawa unafuatilia TMDA, na kibali kimoja kikichelewa mteja anakupigia wewe, maana siku za bure za kuhifadhi zinaisha na gharama zinaanza kupanda. Alikuwa ameandika hadi saa alizokuwa anatoka, kazinukuu kutoka kwenye daftari la mlinzi getini. Saa mbili usiku. Saa tatu kasoro. Ilhali sheria yetu ya ajira inasema saa 45 kwa wiki, na za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, tena zilipwe moja na nusu. Mimi namjibu "14 kwa 14".

Kwa hiyo mkuu, nikikuuliza: jedwali lako linahesabu nini? Kazi au uzito wa kazi? Usinijibu mimi. Ila kama hujui, ndiyo maana halitakiwi kutoka kesho.

Yule dada hakukata rufaa, hakurudi kwenye "milango iko wazi". Alikaa kimya wiki tatu, akaandika barua ya kuacha kazi, na ndani ya siku 30 akawa ameshajaza fomu CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, akidai tumemlazimisha kuacha, yaani tumefanya mazingira ya kazi yasivumilike. Siku ya usuluhishi nilienda na ekseli yangu imechapishwa kwa rangi. Msuluhishi, mama mmoja mtaratibu sana, hata hakuigusa. Alishika barua yangu akauliza, "Hapa umeandika baada ya uchunguzi. Malalamiko yameingia tarehe 8 jioni, barua ni ya tarehe 10. Uchunguzi ulifanyika lini?" Nikasema tarehe 9. "Ulimhoji nani?" Kimya. "Mlalamikaji ulimsikiliza?" Kimya. "Na aliyekuwa akigawa hizo faili ni nani?" Nikasema ni mimi. Akaiweka barua mezani taratibu, kama mtu anayeweka kikombe cha chai ya moto.

Msuluhishi hahukumu, kazi yake ni kuwapatanisha. Lakini mwanasheria wetu alinivuta koridoni akaniambia hii barua ikifika kwa mwamuzi hatuna pa kusimama, maana inaonyesha kwa mwandiko wetu wenyewe kwamba tulihukumu kabla ya kusikiliza, na aliyehukumu ndiye aliyeshtakiwa. Kampuni ikalipa mishahara ya miezi sita kumaliza. Nikapewa onyo la maandishi, na bonasi ya mwaka huo niliisikia kwa wenzangu. Kinachouma zaidi: huenda kwenye ugawaji tungeshinda! Mwenyewe aliwahi kuniambia kontena za mchanganyiko anaziweza kuliko wote, na kweli aliziweza. Kulikuwa na la kujitetea. Ila nililitetea siku ya pili, kwenye karatasi isiyo ya utetezi.

Barua ya kupokea inapokea tu. Iandike ukutani. Ndani yake hakuna "imebainika", hakuna "hayana msingi". Na wala usiende upande wa pili ukaandika "pole, tumeona umeelemewa, tutakupunguzia", hiyo nayo ni hukumu, umejihukumu wewe, na wenzake wanne watakuja kesho na barua zao.

Ningeandika leo, ningeandika hivi:

"Nakiri kupokea barua yako ya tarehe fulani, niliyoipokea tarehe fulani saa kumi jioni, kurasa tatu na kiambatisho kimoja. Nimeelewa kuwa unalalamikia mambo mawili: aina ya faili unazopangiwa ikilinganishwa na wenzako, na kufanya kazi kupita muda wa kawaida. Kama kuna nililoliacha au kulielewa vibaya, tafadhali nijulishe kwa maandishi kabla ya Ijumaa. Kwa kuwa malalamiko yanahusu maamuzi yangu, yatasikilizwa na meneja wa kitengo kingine, ambaye nimemkabidhi barua yako leo. Atakutana nawe Jumanne ijayo saa nne asubuhi, na unaweza kufuatana na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Baada ya hapo atapitia orodha za kazi na kuzungumza na wahusika, na utapata majibu ya maandishi kufikia tarehe fulani. Usiporidhika unaweza kukata rufaa kwa meneja mkuu. Kuleta malalamiko haya hakutaathiri nafasi yako kazini."

Basi. Robo ukurasa, au nusu ukipanua mistari. Angalia ile sentensi ya "nimeelewa kuwa unalalamikia". Hiyo peke yake ingeniokoa, kwa sababu huwezi kuiandika bila kusoma ukurasa wa tatu. Na ukiwa umekosea, anakusahihisha yeye siku ya nne badala ya mwanasheria wake mwezi wa tatu. Ile ya meneja mwingine usiiruke hata kama kampuni yenu ni ndogo. Kama hakuna meneja mwingine, mhasibu mkuu, mkurugenzi, mtu yeyote mwenye cheo ambaye hakugawa zile kazi. Na umwombe kwanza kabla hujamwandika, kuna jamaa alijikuta kwenye barua hajui hata mlalamikaji ni nani.

Tarehe ziwe tarehe kweli. "Hivi karibuni" ni neno la fundi cherehani. Angalia kanuni zenu za utumishi kama zinataja siku. Zikitaja, ni hizo hizo. Kama hazitaji, weka unazoweza kuzitimiza, kisha zitimize, maana ukiahidi wiki mbili ukaleta baada ya sita umemtengenezea malalamiko ya pili.

Akiipokea asaini na kuandika tarehe, nakala moja ibaki kwenye faili la malalamiko, siyo kwenye droo yako. Na usimtumie wasapu kumwambia "dada angu tuongee kwanza nje ya ofisi". Najua umefikiria. Mimi pia nilifikiria, hilo tu ndilo sikulifanya.

Lugha? Aliyoandikia yeye. La chama watakuja wajuzi, ingawa ukisoma barua yangu hapo juu utaona mwenye kuamua nani aje naye ni yeye, siyo wewe.

Hizo kurasa zako mbili na jedwali zitie kwenye bahasha. Meneja atakayesikiliza atakuita utoe maelezo yako, ndipo uzitoe. Ila kabla ya hapo kaa na hilo jedwali jioni moja, mbele ya kila kazi andika ilichukua saa ngapi, halafu hesabu upya.