Si kila "kama" ni tashbihi

Nimesahihisha insha na majibu ya ushairi ya kidato cha kwanza kwa miaka mingi, na kosa linalonipokea kila mwaka ni lilelile. Mwanafunzi alifundishwa shule ya msingi kwamba tashbihi hutambuliwa kwa neno "kama". Basi kila akiliona anapiga mstari chini yake na kuandika "tashbihi" pembeni. Wewe unayeanza sekondari, anzia hapo kujirekebisha.

Tazama sentensi hizi: "Kama utachelewa, nipigie simu." "Walikuja watu kama ishirini." "Alifanya kazi kama mpishi." "Neema ni mrefu kama dada yake." Zote zina "kama," wala hakuna tashbihi hata moja. Ya kwanza inaweka sharti, ya pili inakadiria, ya tatu inataja kazi ya mtu. Hiyo ya nne ndiyo inayowanasa wengi kwa sababu kweli inalinganisha. Lakini inalinganisha urefu wa mtu na wa mtu mwenzake, jambo ambalo ungeweza kulipima kwa futi ukutani. Tashbihi huleta pamoja vitu viwili vya jamii tofauti vinavyokutana kwenye sifa moja. "Neema ni mrefu kama mnazi" ni tashbihi, kwa kuwa Neema na mnazi hawana undugu wowote isipokuwa huo urefu.

Upande wa pili, tashbihi inaweza kuja bila "kama." Kuna mithili ya, mfano wa, sawa na, utadhani, na katika mashairi utakutana na "ja." Ukisoma "alisimama mlangoni utadhani amepigiliwa misumari," umeshaiona. (Vitabu vya Tanzania mara nyingi huandika tashibiha, ni kitu kilekile.) Kiunganishi kikiondoka kabisa, ukaambiwa "Neema ni mnazi," hiyo sasa ni sitiari.

Tashihisi ndiyo yenye utata zaidi. Maana yake unaijua: kitu kisicho binadamu kinapewa matendo au hisia za binadamu. Baadhi ya walimu huiita uhaishaji au uhuishi. Shida ni kwamba Kiswahili chetu cha kila siku kimejaa vitu vinavyotenda. Usingizi unakuchukua, homa inakushika, njaa inakuuma, na hakuna aliyekuwa akitunga shairi aliposema hivyo. Maneno hayo yametumika hadi yamekuwa nahau, na msikilizaji haoni tena mkono wa homa. Ukiandika kwenye mtihani kwamba "homa ilimshika" ni tashihisi, umechagua mfano dhaifu hata kama msahihishaji atakuhurumia.

Ninachowafundisha wanafunzi wangu ni kuangalia kama mwandishi ameendelea mbele. Akiandika "homa ilimshika" na kunyamaza, hiyo ni lugha ya kawaida. Akiandika "homa ilimshika mkono, ikamlaza kitandani, ikamkalia kifuani hadi alfajiri," basi homa imekuwa mtu. Kile kitenzi kilichokuwa kimelala kimeamshwa na vile vilivyofuata.

Angalia pia upatanisho wa kisarufi. Wakati mwingine mwandishi hukihamisha kitu kutoka ngeli yake na kukipeleka kwenye A-WA, ngeli ya viumbe hai: "Jua akamwambia Upepo." Hapo hakuna wasiwasi, kiambishi kimekwisha kukuambia. Lakini si lazima ahamishe. "Jua likamwambia upepo" ni tashihisi vilevile, kwa sababu kusema ni tendo la mtu hata ngeli ikibaki LI-YA.

Sasa tufanye ubeti mmoja pamoja. Huu nimeutunga kwa ajili ya darasa:

Njaa ikabisha hodi, milango ikafunguka,
Ikaketi makusudi, kigodani ikacheka,
Mama ndiye wetu udi, aungua akifuka,
Nasi kama vifaranga, mwewe juu azunguka.

Nilipouweka ubaoni mara ya kwanza, wengi walikimbilia "milango ikafunguka" wakasema ni tashihisi. Si kweli. Mlango hufunguka, ndiyo kazi yake. Tashihisi ipo kwa njaa, na angalia inavyojengwa: inabisha hodi, inaketi, inacheka. Anayebisha hodi ni mgeni, na mgeni mwema hungoja akaribishwe. Huyu amejiketia makusudi kwenye kigoda cha wenyewe na kuanza kucheka. Mshororo wa tatu una sitiari: mama ameitwa udi moja kwa moja. Wa nne una tashbihi, na hapo "kama" inastahili jina lake, kwani watoto wamelinganishwa na vifaranga kwa sababu ya udogo na woga.

Jibu la mtihani liwe na mambo matatu: jina la tamathali, maneno yenyewe yaliyonukuliwa, na maelezo ya nini kimefanyika na kwa nini. Kwa mfano: Tashihisi, "njaa ikabisha hodi." Njaa imepewa tendo la binadamu la kubisha mlangoni, ili ionekane kama mgeni asiyealikwa aliyeivamia nyumba. Wengi huandika "inafanya shairi livutie." Sentensi hiyo inaweza kubandikwa kwenye shairi lolote duniani, kwa hiyo haimwambii msahihishaji kwamba umelisoma hili lililo mbele yako.

Kwenye insha mambo hugeuka, kwa kuwa sasa wewe ndiwe unayezitengeneza. Wanafunzi huja na orodha waliyokariri: mweusi kama makaa, mpole kama njiwa, kulala kama pono. Sizikatai, ila nataka ujue unachokisema. Pono ni samaki wa miambani. Usiku hulala kabisa kati ya matumbawe, na wavuvi wanaotoka na taa humkuta hapohapo hajui kitu. Aliyeanzisha msemo huo alikuwa amemwona. Mtoto wa Kitale ambaye hajawahi kuona bahari akiandika "mrefu kama mlingoti," najua ameazima macho ya mtu mwingine. Kwao kuna mikaratusi, kuna minara ya simu. Aandike hivyo.

Mwanafunzi mmoja aliniletea sentensi hii: "Baba alikasirika kama simba." Nikamuuliza, baba yako akikasirika anafanyaje, ananguruma? Akasema hapana, hanyanyui sauti hata kidogo. Anakaa kimya, anakunja gazeti polepole, na kila mtu anatoka sebuleni. Nikamwambia simba hayumo humo. Atafute kitu chenye hatari isiyoonekana kwa macho. Alikaa na daftari kipindi kizima. Akarudi na hii: "Hasira ya baba ilikuwa kama makaa chini ya jivu, ukisogea karibu ndipo unahisi joto."

Mwishoni alikuwa ameongeza "na alikuwa mkali kama simba," maana hakutaka kumpoteza simba wake. Tukakifuta kipande hicho pamoja. Makaa yale yanamtaka msomaji asogee polepole, na simba angemkimbiza kabla hajalihisi lile joto.