Mrija wa mkojo unaoziba tena baada ya kupanuliwa

"Niliugua kisonono zamani, sasa mkojo unatoka mwembamba, na nikipanuliwa njia inaziba tena. Nifanyeje?"

Ndugu, inaelekea kisonono kiliacha kovu ndani ya mrija wa mkojo, na kovu hilo kila linapopanuliwa huchanika na kupona kwa kovu jipya, ndiyo maana kurudia upanuzi hakuponyi. Omba eksirei ambayo dawa ya kung'arisha picha huingizwa kupitia tundu la uume, kwani ndiyo inayoonyesha mahali na urefu wa kovu. Kovu fupi, la chini ya sentimita 2, laweza kupanuliwa au kukatwa kwa kifaa chenye kamera mara moja tu; likirudi, naona ni heri upasuaji wa kutengeneza mrija, ambao kwa kovu refu hutumia utando laini wa ndani ya shavu. Mkojo ukikataa kabisa kutoka, wahi hospitali mara moja.