Besi na trebo kwa opampu moja: maswali yenu

Kwenye saketi hii ya toni naona potenshiometa ya besi imekaa kati ya inputi na autiputi ya opampu. Hesabu yake inaanzia wapi?

Inaanzia mguu wa kati wa potenshiometa. Tushike upande wa besi peke yake kwanza. Kutoka inputi sauti inapita rezista R1 ya 10k, inaingia ncha moja ya potenshiometa R2 ya 100k, inatokea ncha ya pili, inapita R1 nyingine ya 10k na kufika autiputi ya opampu. Kuna kapasita mbili za 47nF, kila moja tunaiita C: moja inaunga mguu wa kati na ncha ya inputi, nyingine inaunga mguu wa kati na ncha ya autiputi. Mguu wa kati unapita R3 ya 10k hadi mguu wa (−) wa opampu, na mguu wa (+) uko ardhini.

Opampu haivuti mkondo kwenye mguu wake wa (−), kwa hiyo ndani ya R3 hamna mkondo. Na kwa sababu opampu inalazimisha mguu wa (−) ubaki sifuri volti, mguu wa kati nao unabaki sifuri. Mkondo wote unaotoka inputi hauna pa kwenda ila autiputi. Basi ukuzaji ni uwiano wa impedansi mbili tu, ile ya upande wa autiputi kugawa ile ya upande wa inputi, huku alama ikigeuka.

Sasa zungusha nobu hadi mwisho wa kupandisha. Mguu wa kati umegusana na ncha ya inputi, kapasita ya upande huo imefungwa shoti, na upande wa inputi imebaki R1 peke yake. Upande wa autiputi una R1 pamoja na R2 nzima iliyo sambamba na C:

```
A = -[R1 + R2/(1 + sR2C)] / R1
  = -(1 + R2/R1) · (1 + sC·Rp)/(1 + sC·R2)
Rp = R1·R2/(R1 + R2)
```

Mstari wa pili ndio wa kuukazia macho. Masafa yakishuka sana, s inakaribia sifuri na ukuzaji unabaki 1 + R2/R1, yaani 11, sawa na 20.8 dB. Masafa yakipanda sana, kapasita inakuwa kama waya na ukuzaji unarudi 1. Kati ya hapo kuna kona mbili: ya chini ni 1/(2πR2C), karibu 34 Hz, na ya juu ni mara 11 yake, karibu 373 Hz. Ndiyo maana mchoro wa majibu unafanana na rafu: tambarare, mteremko, tambarare tena.

Kwa nini kushusha kunalingana kabisa na kupandisha?

Kwa sababu saketi inafanana pande zote mbili. Peleka mguu wa kati ncha ya autiputi, na zile impedansi mbili zinabadilishana nafasi. Kilichokuwa juu ya sehemu kinaenda chini, na +20.8 dB inakuwa −20.8 dB kwa kona zilezile. Nobu ikiwa katikati, pande zote mbili ni sawa kwa kila masafa, hivyo ukuzaji ni 1 bila kujali kapasita ni za thamani gani, mradi mbili hizo zilingane. Huu ndio uzuri wa wazo alilolichapisha Peter Baxandall mwaka 1952, enzi za vali.

Vitabu vinasema mteremko ni 6 dB kwa oktavu. Mimi nikipima sipati hiyo.

Na hutaipata. Hiyo 6 dB ni ya kona moja iliyoachwa ishuke bila kizuizi. Hapa kona ya pili inaanza kunyanyua kabla ya ile ya kwanza kumaliza kazi yake. Katikati ya hizo mbili, karibu 112 Hz, ukuzaji ni kipeuo cha pili cha 11, yaani 10.4 dB, na hapo mteremko ndio mkali kuliko popote: 5 dB kwa oktavu. Kwenye 34 Hz utapima 17.9 dB, si 20.8, na kwenye 373 Hz bado kuna 3 dB. Hata 1 kHz ina nusu desibeli. Ukipata namba zilizo karibu na hizo, saketi yako ni nzima.

Na trebo? Nikiiongeza, ile R3 inaingiaje kwenye hesabu?

Hapa ndipo wengi wanapotea, maana R3 iliyokuwa haina kazi sasa inabeba mkondo. Potenshiometa ya trebo ni 500k, kila ncha ina R5 ya 3.3k (moja kwenda inputi, nyingine autiputi), na mguu wa kati unapita C3 ya 4.7nF hadi mguu wa (−).

Kwenye masafa ya juu kapasita za besi ni kama waya, hivyo nobu ya besi iwe popote, unachokiona ni nyota ya rezista tatu: R1, R1 na R3. Igeuze nyota hiyo kuwa pembetatu. Kutoka inputi hadi mguu wa (−) unapata R1 + 2R3, yaani 30k, na kutoka autiputi vilevile. Rezista ya tatu inaunga inputi na autiputi moja kwa moja, haigusi mguu wa (−), iache. Nobu ya trebo ikiwa mwisho wa kupandisha, R5 na C3 zinakaa sambamba na ile 30k ya inputi:

```
A = -(1 + sC3(R5 + 30k)) / (1 + sC3·R5)
```

Rafu sasa imegeuka. Chini ukuzaji ni 1, juu ni 1 + 30/3.3, karibu mara 10, yaani 20 dB. Kupanda kunaanza karibu 1 kHz na kutulia juu ya 10 kHz. Nimeipuuza ile 500k. Ukiihesabu unapoteza karibu nusu desibeli kileleni.

Nobu zote ziko katikati lakini sauti ina besi nyingi. Potenshiometa ni mpya.

Angalia kinacholisha saketi. Tuseme chanzo kina impedansi ya 10k. Hiyo inajumlishwa na R1 ya inputi na ule ulinganifu unavunjika. Kwenye masafa ya chini ukuzaji ni 60/70, pungufu ya 1.3 dB, lakini masafa ya kati yanapata 10/20, pungufu ya 6 dB. Besi inabaki juu kwa karibu 4.7 dB ingawa hakuna aliyeigusa. Weka opampu ya bafa mbele.

Kama badala yake besi inapungua na unaipata sawa ukikaribia mwisho wa nobu, huenda umeuziwa potenshiometa ya logi. Pima kwa omita nobu ikiwa katikati: ya mstari itaonyesha karibu 50k kila upande.

Nimetumia NE5534. Nikishusha trebo yote, inapiga mluzi.

Ukishusha trebo yote, karibu autiputi nzima inarudi kwenye mguu wa (−), na kwa upande wa uthabiti opampu inajiona iko kwenye ukuzaji wa 1.1. NE5534 bila msaada imetengenezwa kwa ukuzaji wa 3 na zaidi. Unga kapasita ya 22pF kati ya mguu wa 5 na wa 8, au tumia NE5532, ambayo haihitaji hiyo.

Nikipandisha besi kwa nguvu inakwaruza, ingawa volumu iko chini.

Volumu iko baada ya saketi hii, sivyo? Basi haiisaidii. Kwenye 50 Hz ukuzaji kamili ni mara 6.2. Ukiingiza 1 V ya RMS unataka kilele cha 8.8 V, na kwa pawasaplai ya ±9 V opampu za kawaida haziwezi kufika huko, zinakata vilele. Hamishia volumu mbele ya toni, au ongeza R1 zote mbili hadi 22k. Besi itapanda hadi 14.9 dB tu, na R1 + 2R3 itakuwa 42k, kwa hiyo ongeza R5 hadi 4.7k ili trebo isizidi ilivyokuwa.