Nyoka wa shaba, chanjo ya Wayeye na busara ya nyoka

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Jumuiya yetu hapa Sikonge imegawanyika. Mwanzo inasema nyoka ndiye aliyemdanganya Hawa, lakini Yesu anatuambia tuwe na busara kama nyoka, na Musa alitengeneza nyoka wa shaba watu wakapona. Famasi nazo zina picha ya nyoka. Mdogo wangu anataka kuchanjwa chale za dawa na Wayeye, wale wacheza ngoma na nyoka, ili nyoka wasimdhuru kwenye shamba la tumbaku. Anasema hata Musa alifanya hivyohivyo. Tumjibuje?

Jibu: Milele, amina. Tuanze na Musa, Mama, kwa sababu mdogo wako amemtaja bila kuisoma habari yake hadi mwisho.

Fungueni Hesabu 21:4-9. Waisraeli wametoka Mlima Hori, wanaizunguka nchi ya Edomu, wamechoka na wameikinai mana. Nyoka wanaingia kambini, wengi wanaumwa na kufa. Watu wanamwendea Musa na ombi moja tu: atuombee kwa Bwana atuondolee nyoka hawa. Hapa wengi wetu husoma mbiombio. Hakuna mstari unaosema kwamba nyoka waliondolewa. Jibu la Mungu lilikuwa jingine: mwenye kuumwa, akimtazama nyoka wa shaba aliyewekwa juu ya mti, ataishi. Kwa hiyo ile haikuwa kinga. Hakuna aliyepewa cha kuvaa, kupaka wala kuchanjwa ili meno ya nyoka yasimwingie, na shaba yenyewe haikumgusa mgonjwa yeyote. Kitabu cha Hekima, sura ya 16, kinaeleza wazi kwamba aliyegeuka kutazama hakuokolewa na kile alichokiona, bali na Mungu, mwokozi wa wote.

Kwa nini basi itumike sura ya muuaji mwenyewe? Watu wale walikuwa wametoka Misri, ambako Farao alivaa sanamu ya swila kwenye paji la uso, alama ya kwamba anayeweza kuua ndiye anayelinda. Na huko Timna, bonde la machimbo ya kale ya shaba kaskazini ya Ghuba ya Akaba, mwaka 1969 wanaakiolojia walipata katika mabaki ya hekalu nyoka mdogo wa shaba, urefu wake kama sentimita 12, kichwa kimepakwa dhahabu. Msidhani ni yule wa Musa. Ila anaonyesha kwamba katika nyika ileile watu walimchonga nyoka kwa madini ya thamani na kumweka mahali pa ibada.

Sababu iko kwenye mwili wa mnyama mwenyewe. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu, hivyo hata akilala huonekana anakutazama, na watu wa kale wakasema huyu hasinzii, basi anajua mengi. Anapokaribia kujivua, jicho huingia ukungu wa rangi ya maziwa, haoni vizuri, anajificha. Baadaye hujisugua midomo kwenye jiwe au mzizi, ngozi ya zamani inafunguka kuanzia mdomoni na kugeuka ndani nje, hadi kigamba cha jicho kinatoka nayo. Okoteni ngozi iliyoachwa kwenye kichuguu mkatazame upande wa kichwa, mtaona vikombe viwili vya macho. Mkulima wa miaka elfu tatu iliyopita akiokota kitu kama hicho alimwona mnyama aliyeshinda uzee. Ndiyo maana katika masimulizi ya kale ya Babeli, Gilgameshi anaporudi na mmea wa kurudisha ujana, anayemwibia ni nyoka, naye anajivua gamba palepale. Wagiriki wakampa nyoka mungu wao wa uganga, Asklepio, akizunguka fimbo yake. Huyo ndiye mnayemwona kwenye nembo ya Shirika la Afya Duniani. Nyoka wa famasi, anayezunguka bakuli, ni wa Higieya, binti wa Asklepio.

Na mnyama huyohuyo, kwa sumu kidogo sana, anamlaza mtu mzima kaburini. Mwandishi wa Mwanzo aliyajua yote mawili. Hakusema nyoka ni mjinga au ni mchafu, alisema alikuwa mwerevu kuliko wanyama wote wa mwitu. Kosa la pale bustanini halikuwa akili ya nyoka, ila ahadi yake kwamba mtu anaweza kupata ujuzi na uzima kwa kumpita Mungu pembeni. Jina la Shetani halimo katika sura ile. Ni Ufunuo 12:9 unaomwita Ibilisi "nyoka wa zamani".

Sasa mwisho wa nyoka wa shaba. Mnausoma katika 2 Wafalme 18:4. Karne nyingi baada ya Musa, mfalme Hezekia alimkuta nyoka yule bado yupo, ana jina, Nehushtani, na watu wanamfukizia uvumba. Akamvunja vipandevipande. Kitu kilichotengenezwa kwa amri ya Mungu kikavunjwa na mfalme anayesifiwa katika aya inayofuata kwa kumtumaini Bwana. Kipimo chenu ndicho hicho: je, kitu hiki kinafukiziwa, kinaombwa, kinapewa nguvu zake chenyewe? Picha ya famasi haiombwi na mtu. Iacheni.

Kuhusu Mathayo 10:16, someni mpaka aya ya 23. Yesu anawatuma kondoo kati ya mbwa-mwitu, anawaambia wajihadhari na watu, na wakifukuzwa mji mmoja wakimbilie mwingine. Busara anayoisema ni ya nyoka anayesikia mtetemo wa mguu na kuondoka kabla hajakanyagwa. Kifutu hafanyi hivyo. Hujilaza kimya akiamini rangi yake, na ndiyo maana watu wengi humkanyaga.

Kwa mdogo wako: ngoma ya Wayeye na ujuzi wao wa kushika chatu si dhambi kuvitazama, na mti wa dawa ni mti wa Mungu. Shida ni chanjo inayoambatana na miiko, matambiko na ahadi ya kutodhurika. Katekisimu, namba 2117, inakataza hirizi na uchawi hata kwa nia ya kutafuta afya. Tena ahadi yenyewe inaonekana kweli kwa sababu nyoka wengi hawana sumu ya kuua, na hata mwenye sumu wakati mwingine huuma bila kuitoa. Aliyechanjwa akiumwa hivyo, sifa inakwenda kwa chale. Lile jiwe jeusi la kubandika kwenye jeraha, ambalo hata baadhi ya misheni zetu ziliwahi kuligawa, hupata sifa kwa njia hiyohiyo. Ni mfupa uliochomwa. Hunata kwenye damu kwa sababu una vitundu, halivuti sumu iliyokwisha kuingia mwilini.

Mwambieni avae buti shambani, atumie tochi usiku, na asiingize mkono kwenye rundo la kuni au majani asipoona. Akiumwa, avue pete na saa kabla ya kuvimba, atulie, mguu ufungwe kwenye ubao usitikisike. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Mpelekeni hospitali mara moja, na mmoja wenu apige simu mkiwa njiani kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, maana si kila kituo kinayo. Hata akijisikia mzima, akae chini ya uangalizi saa 24. Sala ya wagonjwa mnaweza kuianza hukohuko kwenye gari.