Kusoma konstanti ya muda kwenye grafu ya hita

> "Wakuu, niko Moshi. Hita niliiwasha dakika ya 2, maji yakapanda toka nyuzi 24 yakatulia 64. Asilimia 63 ya 64 ni kama 40, grafu inafika hapo dakika ya 5. Kwa hiyo τ ni 5?"

Salama mkuu. Hapana, τ, yaani konstanti ya muda, ni dakika 6. Asilimia 63.2 inachukuliwa kwenye badiliko, si kwenye joto la mwisho. Badiliko lako ni 64 − 24 = 40, kwa hiyo tafuta 24 + 0.632 × 40, yaani nyuzi 49.3. Mstari unapaswa kupita hapo karibu na dakika ya 8. Toa zile 2 za kabla ya kuwasha, maana saa inaanza pale swichi ilipobonyezwa.

Hakiki kwa 3τ: dakika 18 baada ya kuwasha, yaani dakika ya 20 ya grafu, joto liwe nyuzi 62, asilimia 95 ya badiliko. Likiwa mbali na hapo, huenda ulikata rekodi kabla halijatulia, na τ itatoka fupi kuliko ilivyo. Au mfumo si wa daraja la kwanza: mstari ukianza kwa kulala kabla ya kupanda, shuku hilo.

Kuhusu kasi, τ ndogo ni mfumo mwepesi. Wako unahitaji 4τ, dakika 24 hivi, kufika asilimia 98.