Kichwa B hakikushinda: kusoma majaribio ya barua pepe bila kujidanganya

Swali: Nina duka la nguo za watoto Dar es Salaam na orodha ya barua pepe za wateja 2,400. Kabla ya Idd nilijaribu vichwa viwili vya barua, kila kimoja kwa watu 240. A kilisema “Punguzo la 15% kwa nguo zote za watoto”, wakafungua watu 52. B kilisema “Mzigo wa Idd umefika, njoo uchague”, wakafungua 63. Kwa kuwa B kilishinda, 26.3% kwa 21.7%, kesho yake nilikituma kwa wale 1,920 waliobaki. Huko wakafungua 412 tu, yaani 21%. Mshauri wa masoko ananiambia nilikosea siku ya kutuma, na anataka kuniuzia orodha ya maneno yanayofanya watu wafungue barua. Nini kiliharibika?

Jibu: Hakuna kilichoharibika, na hiyo orodha usiinunue. Kichwa B hakikuwa kimeshinda tangu mwanzo. Maswali ya namna hii hunijia kila msimu wa sikukuu, na karibu yote yana mzizi mmoja: mtu ameona asilimia moja ni kubwa kuliko nyingine, akaita hiyo kubwa mshindi. Programu za kutuma barua nazo zinachangia, maana nyingi huweka alama ya ushindi kwenye namba kubwa bila kumwambia mwenye duka kama tofauti hiyo ina uzito wowote.

Tuanze na tofauti yenyewe. Kati ya 52 na 63 kuna watu 11. Sasa fikiri kwamba makundi yote mawili ungeyatumia kichwa kimoja, neno kwa neno. Usingepata idadi sawa. Katika kundi hili watu kadhaa wangekuwa safarini, katika lile wachache wangekuwa wameshika simu barua ilipoingia, na namba zingetofautiana bila kichwa kuhusika kabisa. Ukiwa na watu 240 kila upande, na karibu 24% wanafungua, pengo la pointi 4.6 za asilimia kama lako au kubwa zaidi hujitokeza karibu mara 1 katika kila 4 hata barua zikiwa pacha. Kama huniamini, jaribu mwenyewe: gawa orodha, tuma kichwa kile kile pande zote mbili, halafu tazama. Sijui zoezi lingine linalotibu ugonjwa huu haraka kama hilo.

Kuna njia nyingine ya kulisema jambo hilo, nayo ndiyo ningependa uizoee. Usiandike kwamba B kilizidi kwa pointi 4.6. Andika kwamba, kwa jaribio hili, B huenda kikawa chini ya A kwa pointi 3, au juu yake kwa pointi 12, au popote katikati. Huo ndio upana wa kutojua uliobaki baada ya kuwatumia watu 480, kwa kipimo cha kawaida cha uhakika wa 95%. Ndani ya upana huo imo hata hali ya A kuwa bora. Jaribio lako halikusema B ni kibaya, wala halikusema ni kizuri. Limekaa kimya.

Na ile 21% iliyokustua inaeleweka vizuri kwa mtazamo huo. Ukichukua vichwa viwili vinavyokaribiana na kuchagua kile kilichopata namba kubwa katika sampuli ndogo, unachagua pia bahati iliyokipandisha siku hiyo. Bahati hiyo haihamii kwa wale 1,920. Huko kichwa kinarudi kwenye kiwango chake halisi, na wewe unaona kama kimeshuka. Hakikushuka. Kilikuwa kimepimwa kwa kundi dogo likakipa sifa za ziada. Siku ya kutuma inaweza kuwa na mchango wake, lakini hatuna haja ya kuitafuta siku iliyolaaniwa ili kueleza jambo ambalo hutokea kila mahali mshindi anapochaguliwa kwa sampuli ndogo. Mshauri anayekimbilia siku kabla ya kuuliza ni watu wangapi walipokea barua hajaanza kazi.

Basi watu wangapi wanatosha? Kuna kanuni ya kukadiria, ambayo kwa duka la kawaida inatosha kabisa:

```
n = 16 × p × (1 − p) ÷ d²
```

Hapa `n` ni idadi ya watu katika kila kundi, `p` ni sehemu ya watu unaotarajia wafungue, na `d` ni tofauti ndogo kabisa ambayo hutaki ikupite. Kwako `p` ni 0.24. Tuseme unataka kuiona tofauti ya pointi 4, yaani `d` ni 0.04. Zidisha 16 kwa 0.24 kwa 0.76, gawa kwa 0.0016, unapata kama 1,824. Hao ni watu wa upande mmoja. Pande zote mbili ni zaidi ya 3,600, nawe orodha yako nzima ina 2,400. Kwa maneno mengine, mtindo wa kujaribu kwa 10% na 10%, halafu kumtuma mshindi kwa waliobaki, haukufai kwa sasa. Huo ni mtindo wa watu wenye orodha za makumi ya maelfu.

Wewe gawa orodha yote nusu kwa nusu, 1,200 na 1,200, utume vichwa vyote viwili kwa wakati mmoja, na usiwe na mshindi wa kumtumia mtu yeyote. Hupotezi kitu, kwa sababu kila mteja amepata barua. Kwa ukubwa huo utaweza kuona tofauti ya kama pointi 5, kwa hiyo jaribu vichwa vinavyotofautiana kwa wazo. Bei dhidi ya mzigo mpya, kama ulivyofanya, ni swali zuri sana. Kuweka au kuondoa alama ya mshangao si swali la orodha ya watu 2,400.

Halafu rudia swali lile lile kampeni inayofuata, na inayofuata, ukiwa umeandika mapema upande unaoutarajia. Tuseme umeandika kwamba habari ya mzigo mpya itaishinda bei, kisha ikaongoza mara 5 mfululizo: kwa sarafu ya kawaida, upande uliotajwa hutoka mara 5 mfululizo mara 1 tu katika 32. Hapo una kitu cha kuanza kukiamini kuhusu wateja wako wewe. Itachukua miezi. Njia ya mkato kwa orodha ndogo haipo, na anayekuuzia anakuuzia bahati yake ya jana.

Ugawaji wenyewe uwe wa nasibu kweli. Nimeona watu wakikata orodha katikati: juu wateja wa zamani, chini waliojiunga mwezi uliopita. Hapo umelinganisha wateja, si vichwa. Kama programu yako haigawi yenyewe, weka `=RAND()` kwenye safu mpya ya jedwali, nakili matokeo uyabandike kama namba tupu ili yasibadilike tena, panga orodha kwa safu hiyo, kisha kata nusu.

Amua pia kabla ya kutuma utasoma lini, na usome mara moja. Ukichungulia mara 5 njiani, tayari kutangaza ushindi pengo likionekana kubwa, uwezekano wa kutangaza ushindi wa uongo hupanda kutoka 5 katika 100 hadi kama 14. Ile hiari ya programu ya kuchagua mshindi baada ya saa mbili ni mbaya zaidi, kwa sababu wanaofungua ndani ya saa mbili ni watu wa aina moja, wale wasioiachia simu. Ipe siku mbili kamili.

Sasa hata hao “waliofungua” tuwaangalie. Programu hujua barua imefunguliwa kwa sababu picha ndogo isiyoonekana, iliyofichwa ndani ya barua, imepakuliwa. Tangu Septemba 2021, simu za iPhone zenye iOS 15 na kuendelea zina Mail Privacy Protection. Mteja akiiwasha kwenye programu ya Mail ya Apple, picha zote hupakuliwa kupitia seva za Apple, asome barua asisome. Kwenye ripoti yako huyo anaweza kuhesabiwa kuwa amefungua. Ukigawa kwa nasibu, watu hao watakuwa karibu sawa pande zote mbili, kwa hiyo hawamwinui A wala B, ila wanaivimbisha asilimia na kuifunika tofauti ya kweli. Programu nyingi zina namna ya kuwaondoa kwenye hesabu. Itafute na uitumie.

Kufungua si kununua. Andika pia waliobofya na waliolipa kwa kila kichwa, hata kama kwa kampeni moja watakuwa wachache mno kukuambia lolote. Baada ya kampeni kadhaa safu hiyo ndiyo itakayokulisha, na ndiyo itakayokulinda na vichwa vya hila.

Hao wauza maneno ndipo wanaponiudhi. Yapo maneno yanayofungua barua, hilo ni kweli. Andika “Tatizo kwenye oda yako” kwa mtu asiye na oda, au anza na “Re:” kana kwamba mmekuwa mkiandikiana, utaona asilimia ikiruka. Mteja akifungua na kukuta tangazo la magauni, atabofya kitufe cha kuripoti taka. Tangu Februari 2024 Gmail inawataka watumaji wasiruhusu malalamiko ya taka yafike 0.3%. Kwa barua 2,400, kama wateja wako wote wangekuwa Gmail, hao ni watu 7. Watu 7 waliokasirika wanaweza kuanza kuzipeleka barua zako zote kwenye taka, pamoja na risiti na ujumbe wa kwamba mzigo umetumwa, na mshauri atakuwa ameshalipwa.

Ndiyo maana picha ya skrini yenye “62% walifungua!” haitoshi kumpa mtu hela yako. Mtu akijaribu vichwa 40 visivyo na tofauti yoyote dhidi ya kile cha zamani, kimoja kwa wastani kitaonekana kimeshinda kwa kipimo kile kile cha 95%, na hicho ndicho atakachokipiga picha. Mwombe idadi ya waliopokea kila upande, vichwa vingine vyote alivyojaribu mwezi huo, na namba za kampeni iliyofuata alipokitumia kile kilichoshinda. Kisha mwombe safu ya malalamiko ya taka. Akisema hizo hana, mwache aende, na hela hiyo iweke kwenye kuongeza wateja wanaoomba wenyewe kuandikiwa, maana `n` ndiyo unayoikosa.